Barua ya Makato ya Dresa wa Bahati

Barua ile niliiandika mara sita. Mara zote sita niliiandika vibaya, kwa sababu kulikuwa na jambo moja nililolijua ambalo sikuliandika.

Nilikuwa karani wa mishahara katika kampuni moja ya mashamba iliyokuwa na ofisi mjini Nakuru, si mbali na stesheni. Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni Kampala na shahada yangu katika bahasha ngumu, nikitarajia kazi ya serikali. Lakini miaka ile ilikuwa ya Hali ya Hatari, na fomu zangu zilikuwa zinapita meza moja hadi nyingine, huku watu wakiuliza kwetu ni wapi na jamaa zetu ni akina nani. Baba yangu alikuwa seremala wa kanisa huko Njoro na hakuwa na neno na mtu, ila hilo lilihitaji kuthibitishwa na watu watano. Nikisubiri, kampuni ikanichukua kwa majaribio ya miezi tisa kuanzia mwanzo wa Aprili. Nyumbani walimwambia kila mtu kwamba nimekuwa mkubwa wa fedha.

Kazi yenyewe ilikuwa kunakili. Kila mwezi nilichukua karatasi ya mishahara ya mwezi uliopita, nikaiandika upya safu kwa safu, nikibadilisha tu yale ambayo shamba lilituletea kwa cheti: fulani ameacha kazi, fulani ameongezwa, fulani yuko likizo. Kama cheti hakikuja, kila kitu kilibaki kama kilivyokuwa. Sikupenda utaratibu huo tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikilala nikifikiria vyeti ambavyo havikuja.

Siku moja katikati ya Novemba karani mkuu, Mgoa mmoja mwembamba aliyevaa tai hata siku za vumbi, aliniita.

"Wewe. Kuja hapa na karatasi ya Bahati."

Nikampelekea. Akaweka kidole chake juu ya majina mawili ya zahanati ya shamba letu la Bahati. La kwanza lilikuwa la dresa mkubwa, yaani mfunga vidonda, la pili la dresa mdogo. Waliitwa hivyo kwa cheo, maana kwa umri mdogo ndiye aliyekuwa mzee.

"Hii mkubwa nakwenda kozi Nairobi mwezi ya kwanza. Kweli?"

"Kweli, bwana."

"Hii mdogo nashika kazi yake, napata posho ya kukaimu, shilingi thelathini. Sawa. Mkubwa narudi lini?"

Nikasema nadhani alirudi karibu na Pasaka.

"Nadhani!" Akavua miwani. "Sasa tangu Pasaka hii mzee nakaimu nani? Nakaimu hewa?"

Tukapiga hesabu pale pale. Mshahara wa mzee ulikuwa shilingi mia na arobaini. Tangu Aprili hadi Oktoba, miezi saba, alikuwa amelipwa mia na sabini. Zilizozidi zilikuwa mia mbili na kumi. Karani mkuu akauliza cheti cha kurudi kazini cha dresa mkubwa kiko wapi. Tukafungua faili la Bahati. Hakikuwemo.

"Basi shamba hapana leta," akasema, karibu kwa furaha. "Makosa ya shamba. Wewe unaponea hapo, msomi."

Jioni ile, baada ya yeye kuondoka, nilikitafuta cheti hicho peke yangu. Nilikipata katika faili la pasi, yaani vibali vya kusafiri. Kilikuwa na mistari miwili tu ya mkono wa meneja wa shamba: kwamba dresa mkubwa amewasili kutoka Nairobi na ameshika kazi yake leo. Pembeni kulikuwa na herufi mbili za jina langu, kuonyesha nani amekipokea. Ilikuwa siku yangu ya pili kazini. Nilikuwa nimesoma neno "Nairobi" na neno "amewasili" na jina la mtu, na katika miaka ile karatasi yenye maneno hayo matatu ilikuwa karatasi ya pasi. Mtu wetu akisafiri, jambo la kwanza lilikuwa kama ameruhusiwa. Kazi yake ilifuata baadaye. Hata sikufikiri. Mimi, ambaye hufikiri mara tatu kabla ya kufunga mlango, siku hiyo sikufikiri.

Nikakirudisha mle mle nilimokikuta. Nilijiambia kwamba kukihamisha kungekuwa kuharibu ushahidi.

Lakini cheti sicho kilichoniumiza zaidi. Kulikuwa na jambo jingine.

Kila mwisho wa mwezi nilipanda Landrova na sanduku la fedha na askari mmoja, tukazunguka mashamba kuwalipa watu wa mshahara: madresa, makarani wa shamba, mafundi, madereva. Vibarua wa tiketi, waliohesabiwa kwa siku walizofanya kazi, walilipwa na meneja wao. Tulikuwa tukiweka meza chini ya paa la bohari, mtu anakuja, anahesabiwa, anatia sahihi, anakwenda. Safari yangu ya kwanza ilikuwa mwisho wa Aprili. Pale Bahati dresa mdogo alikuja mezani, mtu mrefu mwenye mvi za pembeni, mikono yake inanuka dawa ya vidonda. Akahesabu fedha zake, akahesabu tena, akaziacha mezani.

"Karani, hizi zimezidi."

"Zimezidi vipi, mzee?"

"Mkubwa amerudi. Mimi si mkubwa tena. Ile thelathini iondoe."

Nyuma yake walikuwapo watu kumi na wawili. Dereva alikuwa akipiga honi maana mvua ilikuwa inakuja na barabara ya Bahati ikinyesha haipitiki. Karatasi yangu, niliyoinakili kwa mkono wangu na kuikagua mara nne, ilisema mia na sabini. Kama ningempa mia na arobaini, sanduku lingebaki na thelathini ambazo sikujua ningeziandika wapi. Na tena, niseme ukweli, watu walikuwa wananitazama, na mimi ndiye niliyetoka Kampala.

Nikamwambia, "Chukua tu, mzee. Ofisi haikosei."

Wengine wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee anakataa pesa! Nipe mimi basi, daktari!" Mzee akanitazama kidogo, akachukua fedha, akatia sahihi.

Hilo ndilo nililolijua.

Asubuhi iliyofuata karani mkuu alinipeleka kwa mhasibu, Mzungu mmoja mpole aliyependa kila jambo liwe na kanuni yake. Mhasibu akaeleza kanuni ya kampuni. Fedha zilizolipwa kwa makosa hurudishwa, hilo halina mjadala. Lakini kuna namna mbili. Kama mfanyakazi alijua zimezidi akakaa kimya, zikatwe zote kabla hesabu za mwaka hazijafungwa, mwisho wa Machi. Kama alitoa taarifa na ofisi ikapuuza, hilo ni kosa la ofisi, naye atakatwa pole pole, si zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mshahara wake kwa mwezi.

"Yeye nasema kitu?" akaniuliza.

Nina hakika alingoja jibu kwa muda wa kutosha. Nimeupima muda ule mara nyingi kichwani. Ulitosha kwa neno moja.

"Hakuna kitu katika faili, bwana," nikasema. Na hilo lilikuwa kweli.

"Basi miezi tano, shilingi arobaini na mbili. Andika barua. Andika Kiswahili, yeye nafahamu vizuri. Lakini andika na heshima."

Nikaandika na heshima. Rasimu ya kwanza ilianza kwa "Tunasikitika," nikaifuta, maana nani anasikitika? Ya pili ilisema "imegundulika," nikajiuliza nani amegundua, na kama msomaji asingeuliza kwa nini haikugundulika mapema. Ya tatu ilikuwa ndefu mno. Nilikuwa nimemweleza mzee jinsi karatasi za mishahara zinavyonakiliwa, kana kwamba yeye ndiye mkaguzi. Ya nne karani mkuu aliisoma akasema, "Hii barua ama hotuba ya kanisa?" Ya tano niliichana mwenyewe. Ya sita ndiyo iliyokwenda, na hadi leo naikumbuka:

"Kwa Dresa, Zahanati ya Shamba, Bahati. Mnamo Januari ulipewa posho ya kukaimu ya shilingi 30 kwa mwezi wakati mkuu wako alipokuwa masomoni. Mkuu wako alirejea kazini mwezi wa Aprili, na tangu hapo posho hiyo haikuwa haki yako. Hata hivyo uliendelea kulipwa kuanzia Aprili hadi Oktoba, miezi saba, jumla shilingi 210. Kwa kuwa hukutoa taarifa, fedha hizo zitakatwa katika mshahara wako, shilingi 42 kila mwezi kwa miezi mitano, kuanzia mshahara wa Novemba hadi wa Machi, kisha makato yatakoma. Mshahara wako wenyewe wa shilingi 140 haukubadilika. Kama una la kusema juu ya jambo hili, andika kwa ofisi hii katika siku kumi na nne. Tia sahihi na tarehe kwenye nakala hii kuonyesha umeipokea, uirudishe."

Maneno manne, "kwa kuwa hukutoa taarifa," niliyaandika kwa kalamu ile ile na mkono ule ule uliokuwa umesukuma shilingi thelathini mezani.

Barua ilikwenda Bahati na lori lililorudisha makopo ya maziwa. Nakala ikarudi siku tatu baadaye na sahihi safi kabisa, ya mtu aliyefundishwa kuandika na wamisheni. Hakuna neno lingine. Nikatazama sahihi ile kwa mwangaza wa dirisha kama nitaona hasira ndani yake. Nikaanza kuhesabu siku kumi na nne. Siku moja nilitamani aandike kila kitu, na jina langu, nimalizwe. Siku nyingine niliomba Mungu asiandike, halafu nikaomba msamaha kwa kuomba hivyo. Miezi yangu tisa ya majaribio ilikuwa inakwisha Desemba. Baba alikuwa amekwisha kuniuliza kama nitakapothibitishwa nitaweza kulipa karo ya ndugu zangu wawili.

Mwisho wa Novemba tukaenda kulipa. Pale Bahati mzee alikuja wa mwisho. Nadhani aliwaacha wengine watangulie kwa makusudi. Nikamhesabia tisini na nane. Hakuhesabu tena. Akatia sahihi.

"Karani," akasema, "wewe una watoto?"

"Bado, mzee."

"Mimi ninaye mmoja tu aliyebaki nyumbani. Msichana. Amepita mtihani, amepata nafasi ya bweni Januari. Wanataka shilingi tisini kabla ya katikati ya Desemba, na blanketi, na sanduku. La sivyo nafasi inapewa mwingine. Wako wengi wanangoja."

Nikakausha wino wa sahihi yake.

"Zile thelathini zilipokuja tena mwezi wa tano, na wa sita, nilimwambia mama yake, kumbe kampuni imenikumbuka. Nimefunga vidonda vyao miaka kumi na minane. Nikasema, hii ndiyo nyongeza. Basi ndipo nikaenda kumwandikisha mtoto. Nisingepata hizo, nisingethubutu. Na zile zenyewe tumekwisha kuzila." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Unaona, nilisadiki. Niliambiwa ofisi haikosei."

Dereva alikuwa anafunga sanduku. Askari alikuwa akiwasha sigara. Mzee akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa vizuri.

"Siku kumi na nne bado hazijapita. Hili ndilo jibu langu. Lifikishe."

Nililisoma garini, na gari linaruka-ruka kwenye mashimo, nikalisoma tena nyumbani. Aliandika kwamba habishani na fedha. Si zake, azirudishe. Aliandika: "Lakini barua inasema sikutoa taarifa. Nilitoa, mezani, mwezi wa nne, mbele ya watu. Niliambiwa nichukue. Aliyeniambia simtaji, kwa kuwa ni kijana na ndio kwanza anaanza maisha, na mtu mzima hamwandiki mtoto wa mwenzake kwenye karatasi ya Wazungu. Naomba tu iandikwe kwamba nilisema. Na kama kwa ajili hiyo makato yanaweza kupunguzwa, nina mtoto wa shule."

Ningependa kusema kwamba nilikwenda kwa mhasibu asubuhi iliyofuata. Nilikwenda siku ya nne. Siku tatu nilizitumia kufikiri. Nilifikiri kwamba barua yenyewe inatosha, kwamba watamsadiki. Halafu nikamwona kichwani mwangu karani mkuu akiisoma na kusema, "Kila mtu nasema, mimi nasema, mimi nasema. Nani shahidi?" na kuitia katika faili bila kuandika kitu juu yake. Nilifikiri nimlipie yule msichana karo kwa siri. Nilikuwa na shilingi thelathini na tano. Nilifikiri niandike barua bila jina. Ni mimi peke yangu niliyeandika kwa mwandiko ule katika ofisi ile. Hata hilo nililifikiri hadi mwisho.

Siku ya nne nilitoa cheti katika faili la pasi, nikakiweka juu ya jibu la mzee, nikaingia kwa mhasibu kabla karani mkuu hajafika.

"Bwana, aliyemwambia achukue ni mimi. Na cheti kilikuja. Nilikiweka mahali pasipo pake."

Akasoma vyote viwili, taratibu. Akauliza kwa nini sikusema siku ile aliponiuliza. Nilikuwa nimetayarisha majibu matatu kwa swali hilo na yote yalinitoka kichwani.

"Niliogopa, bwana."

"Ndiyo," akasema, kama mtu anayeweka tiki. Kisha akavuta karatasi akapiga hesabu. Zilikuwa zimekwisha kukatwa arobaini na mbili. Zilibaki mia moja sitini na nane. Sehemu ya kumi ya mshahara ni kumi na nne. Miezi kumi na miwili, kuanzia Desemba. Zile arobaini na mbili hazingerudishwa, maana vitabu vya Novemba vilikuwa vimefungwa na kupelekwa. Mimi majaribio yangu yakaongezwa miezi sita, bila nyongeza ya mshahara. Sauti yake haikupanda hata mara moja. Mara kwa mara natamani ingepanda.

Karani mkuu alisikia, akaningoja hadi saa ya chai.

"Miaka ngapi Kampala?" akauliza.

"Minne, bwana."

"Minne. Na faili ya pasi na faili ya mshahara iko rangi mbalimbali." Akakoroga chai yake. "Mimi pia mwaka ya kwanza nalipa mtu amekufa. Miezi miwili. Lakini mimi nasema siku ile ile, msomi."

Barua ya pili niliiandika mara moja tu. Ilifuta ile ya kwanza. Ilisema: ulitoa taarifa siku ya mshahara wa Aprili, aliyeipokea ni mimi karani wa mishahara, na kosa ni la ofisi; kuanzia Desemba utakatwa shilingi 14 kwa mwezi hadi Novemba mwakani, kisha makato yatakoma. Niliacha nafasi ya sahihi. Niliipeleka mwenyewe Jumamosi, nikipanda lori la makopo, kwa sababu sikutaka ikae hata siku moja zaidi njiani.

Nilimkuta mzee akipanda mlima kutoka kwenye kambi za wafanyakazi, begi la dawa begani, viatu vimejaa matope hadi juu. Siku zote nilikuwa nimemwona na baiskeli, nyeusi, ya kubebea mizigo, ambayo alizungukia nayo kambi tatu za shamba.

"Baiskeli imeharibika, mzee?"

"Iko nzima. Iko kwa mkubwa." Akapokea barua, akaifungua. "Alinipa themanini na tano juzi. Nimelipa shule. Nafasi ya mtoto ipo."

Alisoma barua akiwa amesimama, midomo ikitembea kidogo. Alipofika mahali penye jina la cheo changu alisita, kisha akaendelea hadi mwisho.

"Juzi ni siku gani?" nikamuuliza, ingawa nilijua nitakavyojisikia nikijibiwa.

"Alhamisi."

Mimi nilikuwa nimeingia kwa mhasibu Ijumaa. Siku zile tatu za kufikiri zilikuwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

"Nitakusaidia kuinunua tena," nikasema.

"Na nini? Wewe pia wamekunyima nyongeza, nimesikia. Dereva anasema mengi." Akakunja barua katika mikunjo minne sawasawa, akaitia mfuko wa shati. "Hii nitamwonyesha mama yake. Ile ya kwanza ilimlaza siku mbili, hakula." Akanyoosha begi begani. "Kuna mtoto ana homa kambi ya juu. Ni mwendo."

Akaenda. Nilitaka kumbebea begi, nikafikiri kwamba labda ataona najipendekeza, nikafikiri tena kwamba kutombebea ni vibaya zaidi, na nilipomaliza kufikiri alikuwa ameshapinda kona ya miti ya mibono.

Mwisho wa Desemba alikuja mezani kama kawaida. Safari hii alikuwa katikati ya mstari, na watu nyuma yake. Nikamhesabia mia moja ishirini na sita, noti kwa noti. Akaziacha mezani, akanitazama, na nikaona pembe ya mdomo wake.

"Karani. Zimetimia leo? Au nichukue tu?"

Watu wakacheka, habari ilikuwa imewafikia wote. Askari naye akacheka. Nikazivuta fedha, nikazihesabu tena kwa sauti, nikamgeuzia karatasi ya mishahara aione safu yake yeye mwenyewe: mia na arobaini, toa kumi na nne. Akasoma kwa kidole hadi mwisho wa mstari. Dereva akapiga honi. Nikamwambia dereva angoje.